SOMO: Kilo 10 kwa siku 14? Shika kalamu kabla ya kutuma pesa

Wiki hii watu watatu wamenionyesha tangazo la namna moja: picha ya dada kabla na baada, kikombe cha chai, na maneno "Kilo 10 ndani ya siku 14, bila mazoezi, bila kujinyima." Bei shilingi 65,000. Mimi nafundisha mazoezi, na wengi hunifikia wakiwa wameshaliwa pesa zao huko. Inaniuma, maana hesabu ya kuwakamata ni ya darasa la tano.

Hatua ya 1: Igawe ahadi kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700. Kilo 10 ni 77,000. Gawanya kwa siku 14, unapata 5,500 kila siku. Sasa mchukue mama wa kilo 82 anayeshinda dukani amekaa. Mwili wake unatumia kama 2,000 kwa siku. Hata akifunga siku zote 14 asitie kitu mdomoni, atakuwa ametumia 28,000, ambazo ni mafuta yasiyofika kilo 4. Hizo 6 zilizobaki zitoke wapi?

Linganisha na nusu kilo kwa wiki: ni kupunguza kalori 550 kwa siku, karibu sawa na chapati moja ya mafuta na soda ya nusu lita. Hilo mtu analiweza. Ndiyo maana kocha mkweli hukuahidi nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, basi.

Hatua ya 2: Uliza kilichoshuka ni nini. Mzani unapima kila kitu: maji, choo, misuli, hata chai uliyokunywa sasa hivi. Mteja wangu mmoja alikunywa chai ya aina hiyo siku tano, akatoka 82 hadi 78.6, akafurahi sana. Nikamwomba alete pakiti. Nyuma, kwa maandishi madogo kabisa, tukasoma: sanamaki. Watu wa pwani wanaijua, ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kalori zimeshaingia, kinachotoka ni choo na maji. Alipoacha chai akala na kunywa kama kawaida, baada ya siku sita mzani ulisoma 81.7. Muuzaji akamwambia anahitaji boksi la pili.

Hatua ya 3: Picha. Tazama mwanga, mkao, na suruali imefungwa juu au chini ya kitovu. Kisha omba picha ya mtu huyohuyo miezi sita baadaye. Hapo wengi hunyamaza.

Hatua ya 4: Iogope zaidi ile inayofanya kazi haraka. Kidonge cha "mitishamba tupu" kinachokata njaa siku hiyohiyo kinaweza kuwa kimechanganywa na sibutramini. Dawa hii iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini maabara zimeendelea kuikuta ndani ya bidhaa za kupunguza uzito bila kuandikwa kwenye pakiti. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na kukosa usingizi.

MASWALI

Kocha, niliacha ugali na wali, wiki ya kwanza nikashuka kilo 3. Na mimi nimedanganywa?
Hapana, dada. Umeshuka kweli, ila mengi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo, na kila gramu hushika gramu 3 hivi za maji. Akiba ikipungua, maji nayo yanatoka. Subiri wiki ya tatu na ya nne, ndipo mzani utakuonyesha mafuta.

Mwalimu wangu wa jimu ana cheti na mwili mzuri. Amenipa kukunja tumbo mara 200 kila siku ili kitambi kiishe.
Zoezi hilo linaimarisha misuli iliyo chini ya kitambi; mafuta ya juu yake hayaondoki kwa kupafanyisha kazi mahali pale. Kuhusu mwili wake, huo ni wake. Muulize yuko wapi leo mteja aliyeanza na umri na uzito kama wako. Na kabla ya zoezi la kwanza, alikuuliza habari za presha, sukari na magoti? Kama hakuuliza, kaka, tafuta mwingine.

Shikamoo kocha. Mama ana presha, na tangu aanze vidonge vya mitishamba vya kupungua, hapati usingizi na moyo unamdunda.
Marahaba, mwanangu. Avikatishe leo, asingoje pakiti iishe. Dawa zake za presha aendelee nazo. Mpeleke hospitali leo hiihii na pakiti mkononi, hata kama imebaki tupu, umwonyeshe daktari. Akisikia maumivu ya kifua, mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu, kimbieni kitengo cha dharura, hata iwe usiku wa manane. Mkishahudumiwa, ipelekeni pakiti hiyo TMDA, mamlaka ya dawa, kama mko Tanzania, ichunguzwe.