Kukadiria protini ya kila sahani katika sufuria moja ya maharage

Nyumbani kwetu Mikindani tunakula watu wanane kutoka sufuria moja, na hakuna anayepakuliwa sawa na mwenzake. Kwa hiyo kugawanya protini yote kwa wanane hutoa jibu lisilomhusu mtu yeyote.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kuloweka. Pima maharage yakiwa makavu, kwa sababu gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 22 za protini, ilhali uzito huohuo yakishaiva una kama gramu 9 tu, kwa kuwa yamenywa maji. Makosa mengi hutokana na kutumia namba ya makavu kwenye chakula kilichoiva. Juzi nilipika kilo 1.5, yaani gramu 330 za protini. Tui la nazi, vitunguu na nyanya viliongeza kama gramu 10, jumla 340. (Wanaopika mbaazi watumie 22 vilevile.)

Hatua ya pili ni kupima mchuzi na maharage wakati wa kupakua, si mapema, maana sufuria ikiendelea kuchemka hupoteza maji. Mizani nyingi za jikoni hukomea kilo 5, nami siipandishi sufuria juu yake. Ninaweka sahani tupu, ninabonyeza kitufe cha sifuri, ninapakua na kuandika uzito, kisha ninapima na kilichobaki. Mafundi wawili walipata gramu 700 kila mmoja, vijana wawili 550 kila mmoja, mama 500, bibi 350, watoto wawili 250 kila mmoja, na kiporo kilikuwa 1,150. Jumla ni gramu 5,000.

Hatua ya tatu ni kugawanya:

```
340 / 5000 = 0.068
```

Zidisha uzito wa kila sahani kwa 0.068. Fundi anapata karibu gramu 48, kijana 37, mama 34, bibi 24 na mtoto 17. Kiporo kina 78, na ukikisahau utawagawia watu protini ambayo bado imo sufuriani.

Hesabu hii husimama tu ikiwa umekoroga hadi chini kila unapochota, kwa sababu maharage huzama. Bibi yetu hupenda mchuzi, na siku hiyo alichotewa juujuu. Nilipochuja sahani yake nilikuta gramu 100 tu za maharage na 250 za mchuzi. Maharage yalikuwa na protini gramu 9, na mchuzi, ambao kwa gramu 100 hubeba kama gramu 2 zilizoyeyuka pamoja na za tui, ulikuwa na 5. Basi alikula 14, si 24, na zile 10 zilikwenda kwa waliopakuliwa mwisho. Kwa mtu wa namna hiyo chuja na upime mara mbili. Kwa wengine tofauti ya gramu mbili tatu haina haja ya kufukuzwa, kwani hata ile 22 hupanda na kushuka kulingana na aina ya maharage na ukavu wake.