Kabla hujaandika notisi ya kupeleka ofisi ya serikali mapitio ya mahakama

Hii notisi, unayoipea ofisi kabla ya kwenda mahakamani, si barua ya hasira. Kazi yake ni kuonyesha jaji kwamba uliomba kitu ambacho sheria inakupa, ofisi ikapewa nafasi ya kukitoa na haikutoa. Ukitaka amri ya mandamasi, yaani mahakama ilazimishe ofisi ifanye wajibu wake, jaji huuliza kwanza kama ulidai na ukakataliwa au kunyamaziwa, na bila karatasi ya kuonyesha hivyo unaweza kurudishwa nyumbani hata kama haki ni yako kabisa.

Chukua mfano wa akina mama wa soko moja hapa Nakuru wanaotaka kopi ya kandarasi na ya cheti cha kukamilika kwa choo cha soko ambacho hakina hata mlango. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawaruhusu kuomba, na maombi yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, wala hawalazimiki kueleza wanataka za nini. Ni haki ya raia, kwa hivyo ni vizuri mmoja wao atie sahihi kwa jina lake na namba ya kitambulisho, maana chama kisichosajiliwa kinaweza kuleta maswali bure.

Angalia kwanza ombi lenyewe lilienda kwa nani. Afisa wa habari kisheria ni mkuu wa hiyo taasisi, si karani wa soko, na hapa ndipo watu wengi huangukia ju barua waliiacha na yule waliyemzoea. Pia liwe linataja stakabadhi. "Pesa zilienda wapi" ni swali, lakini "kopi ya kandarasi ya ujenzi wa choo na cheti cha kukamilika" ni kitu afisa anaweza kutoa kwa faili, na akikataa inaonekana wazi amekataa nini.

Halafu hesabu siku vizuri. Ofisi ina siku 21 tangu ipokee ombi, na inaweza kuongeza mara moja tu, zisizidi 14, na ikiongeza lazima ikuambie. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Siku ya kupokea haihesabiwi, lakini Jumapili na sikukuu katikati zinahesabiwa. Barua ya hao akina mama ikigongwa stempu Machi 3, mwisho ni Machi 24, na ukimya ukipita hapo sheria inachukulia umekataliwa. Notisi ikitoka Machi 20 imetoka mapema na wakili wao ataishika hapo.

Kuna kizuizi kingine kikubwa. Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015 hairuhusu uruke njia zingine zilizopo za kulalamika, isipokuwa mahakama ikubali kukusamehe kwa hali ya kipekee. Kwa habari, njia hiyo ni Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsmani, yenye ofisi pia Kisumu, na kawaida unaenda kwake ndani ya siku 30. Kwa hao akina mama ni kuanzia Machi 24, mwisho Aprili 23. Wakitoa notisi Machi 26 na kupea ofisi siku 14, inaisha Aprili 9, bado wana wiki mbili za kufika Tume. Hizo 14 ni desturi tu, usizifanye 60 ukajifungia mlango mwenyewe.

Ndani ya notisi andika tarehe ya ombi na nani alipokea, stakabadhi zile zile ulizoomba bila kuongeza hata moja (ukiongeza umeanzisha ombi jipya na siku zinaanza upya), kifungu cha 35 na 47 vya Katiba, siku ya mwisho kwa tarehe kamili, na kwamba wasipotii utaenda Tume kisha Mahakama Kuu kuomba mandamasi. Usiombe waadhibiwe wala kandarasi ifutwe, hilo ni jambo lingine. Mandamasi inasukuma ofisi itimize wajibu wake, na mahali sheria imeiachia uamuzi mahakama haitaamua kwa niaba yake.

Mwisho, beba kopi mbili, na ile yako igongwe stempu yenye tarehe mbele yako. Wakikataa kupokea, msibishane sana pale dirishani, andika jina la aliyekataa kama analo kwenye beji, na saa, kisha tuma kwa imeli rasmi ya taasisi na kwa posta ya rejista siku hiyo hiyo, weka risiti. Hiyo risiti na kopi ya ombi la kwanza ndizo zitakazoambatishwa kwenye hati yako ya kiapo.