Kitasa kimevunjika au kimevunjwa? Namna ya kuchagua

Hapa Tanga huwa naombwa kupitia barua za watu kabla hazijapelekwa ofisini, na kosa ninalolisahihisha zaidi liko mwishoni mwa kitenzi. Nitalieleza kwa sentensi moja. Wavuvi wa Sahare wamekuta stoo yao ya nyavu iko wazi, wanamwandikia mwenyekiti wa mtaa: "Kitasa cha stoo yetu kimevunj... usiku wa kuamkia leo." Wamalizie vipi?

Hatua ya kwanza: angalia kilichotokea kabla ya kuandika. Tuseme fremu ya mlango ina alama za nondo, ulimi wa kitasa umepinda, na nyavu hazipo. Hapo kuna mkono wa mtu. Kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa kinamweka mtendaji ndani ya sentensi hata asipotajwa, kwa hiyo andika *kimevunjwa*. Sasa tuseme nyavu zote zipo, fremu haina alama, na ulimi umeliwa na kutu ya chumvi hadi ukakatika. Andika *kimevunjika*. Kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka kinaeleza hali ya kitasa, basi.

Wengi wanateleza hapa. Hawamjui mwizi, kwa hiyo wanaandika *kimevunjika*, wakidhani -w- inataka jina la mtu. Haitaki. "Kitasa kimevunjwa" ni sentensi kamili, na mwenyekiti akiisoma atauliza mara moja: na nani? Akisoma "kimevunjika" huenda akajibu tu kwamba nunueni kingine. Barua ni ileile, lakini ombi limebadilika.

Hatua ya pili: ongeza "na wezi" usikilize. "Kitasa kimevunjwa na wezi" inakaa sawasawa. "Kitasa kimevunjika na wezi" haikai, kwa sababu kauli ya kutendeka haimpokei mtendaji kwa *na*. Ukiikuta sentensi ya namna hiyo, usikimbilie kufuta "na wezi". Mara nyingi mwandishi alikuwa na mtu akilini, na kinachotakiwa kurekebishwa ni kitenzi. Kifaa nacho huingia kwa *kwa*: "kimevunjwa na wezi kwa nondo." Ukiandika "kimevunjwa na nondo," nondo inasomeka kama ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Upepo na mawimbi vina nafasi yao. "Mlingoti umevunjwa na upepo" ni sawa, maana nguvu ya upepo inaweza kusimama mahali pa mtendaji. "Mlingoti umevunjika kwa sababu ya upepo" nayo ni sawa, ila hapo upepo umekuwa sababu tu, na macho yako kwenye mlingoti.

Hatua ya tatu: jaribu "kwa makusudi" na "chenyewe". "Kimevunjwa kwa makusudi" inapita, kwa kuwa makusudi yanahitaji mwenye kukusudia. "Kimevunjika chenyewe" inapita pia. Zibadilishe nafasi, "kimevunjika kwa makusudi" au "kimevunjwa chenyewe", na utasikia sentensi ikigoma. Neno moja kati ya haya likiingia bila kulazimishwa, umepata jibu, ukishaamua, liondoe.

Kuna jambo moja la kuangalia. *Kimevunjika* haikanushi kwamba mtu alihusika, inamwacha nje. Mgeni akiangusha kikombe chako barazani, unamwambia, "Kimevunjika tu, si neno." Ni kweli, na ni heshima. Ukisema "kimevunjwa" mbele yake, umemnyooshea kidole. Ndiyo maana mwenye kosa naye hupenda -ik-, na msomaji wa ripoti anapaswa kuiangalia kwa makini pale anapotafuta nani alifanya nini.

Hatua ya nne: tazama wakati wa kitenzi. Yote haya yanashika vizuri penye -me-. Ukiweka -na-, maana inaweza kuhama: "Vitasa hivi vinavunjika" mara nyingi husikika kama kusema ni dhaifu, vinaweza kuvunjika wakati wowote. "Vinavunjwa" inasema kuna watu wanavivunja, sasa hivi au kama mtindo wao.

Usiibebe kanuni hii kwenye kila kitenzi bila kukisikiliza. Kwa *funga*, tunasema "duka limefungwa" hata tunapoeleza hali tu, bila kumfikiria aliyefunga, *fungika* tumeiachia uwezekano, kama "mlango haufungiki." Lakini kinyume chake, *fungua*, kinarudi kwenye utaratibu wa kitasa: mlango *umefunguka* kwa upepo, mlango *umefunguliwa* na mtu.

Kwa wavuvi wa Sahare, wenye alama za nondo kwenye fremu, barua isomeke hivi: "Kitasa cha stoo yetu kimevunjwa usiku wa kuamkia leo, na nyavu zetu zimeibwa." Angalia *zimeibwa*: imebeba -w- ileile, na vitenzi vyote viwili vinamwelekea mtu mmoja ambaye bado hajulikani.