Maski ya 255.255.255.224 haikupi anwani 30 za wafanyakazi

Ukipanga mtandao wa ofisi ndogo, usiishie kwenye jibu la kikokotoo. Chukua 192.168.10.0 yenye maski ya 255.255.255.224, yaani /27. Toa 224 kwenye 256, unabaki na 32. Ondoa ya kwanza, .0, ambayo ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho, .31, ya kutangazia vifaa vyote. Zinabaki 30, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Ila ruta nayo inakaa humo humo, kwa kawaida kwenye .1, kwa hiyo umebaki na 29. Printa ikichukua moja, na kamera ya mlangoni nyingine, ni 27.

Sasa hesabu vifaa, si watu. Mtu mmoja huja na kompyuta na simu, kwa hiyo wafanyakazi 14 tu wanahitaji anwani 28. Kifaa cha mwisho kuunganishwa kitakosa intaneti. Kwenye Windows andika:

```
ipconfig
```

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, mashine haikupata anwani kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani zenyewe, na huenda ni kwa sababu zimeisha.

Mimi ningeanza na 255.255.255.192, inayotoa 62. Ukihamia huko baadaye, kumbuka kubadili maski kwenye printa uliyoiandikia anwani kwa mkono. Ikibaki na ile ya zamani, itaiona kompyuta ya .40 kana kwamba iko mtandao mwingine.