Mshahara umechelewa na kodi inaisha: jinsi ya kumwomba mwenye nyumba wiki moja

Nasimamia nyumba za kupanga hapa Kigoma, nyingi zikiwa Mwanga na Gungu. Baadhi ya wenye nyumba wanaishi hapa hapa, wengine wako mbali na wananiachia mimi kila kitu. Kila mwisho wa mwezi kuna mpangaji anayekuja kusema mshahara haujaingia. Karibu wote wanasema kweli. Kinachonipa nguvu ya kumpigia mwenye nyumba na kumtetea mpangaji ni tarehe aliyonipa: ameitoa wapi, na kama inashikika.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mpangaji yuko Gungu, ana vyumba viwili na sebule kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na hulipa miezi mitatu mitatu, yaani 180,000. Kodi yake inaisha Jumapili tarehe 31, mpya inaanza Jumatatu tarehe 1. Ameajiriwa na kampuni binafsi, na mshahara kwa kawaida huingia tarehe 28. Safari hii tarehe 28 imepita kimya.

Hatua ya 1: Anzia kwa mhasibu

Usimwendee mwenye nyumba kabla hujaongea na mhasibu wa kazini kwako. Na usimwulize "mshahara lini?", maana jibu lake litakuwa "tunashughulikia", na hilo halikusaidii. Muulize hivi: "Hela ya mishahara imeshaingia kwenye akaunti ya kampuni, au bado inasubiriwa?" Akisema imeingia, muulize la pili: "Orodha inapelekwa benki siku gani?"

Majibu hayo mawili yanabadilisha kila kitu. Kama hela imo kwenye akaunti, kilichobaki ni sahihi za wakubwa na kazi ya benki, na siku zake zinahesabika. Kama kampuni nayo inasubiri kulipwa na mteja wake, hakuna mtu pale ofisini anayejua tarehe, hata bosi mwenyewe. Hapo usimpe mwenye nyumba ahadi inayoegemea mshahara. Tafuta hela nyingine unayoijua siku yake, kama zamu yako ya mchezo au deni ambalo mtu amekuahidi kulipa, na tarehe yako itoke huko.

Mpangaji wetu aliuliza Ijumaa tarehe 29. Akaambiwa hela ipo, ila mmoja wa wanaosaini yuko safarini Dodoma, anarudi Jumanne tarehe 2, na orodha itakwenda benki Jumatano tarehe 3. Kwa mwenye akaunti kwenye benki ile ile ya kampuni, hela inaweza kuonekana siku hiyo hiyo. Yeye yuko benki nyingine, kwa hiyo anategemea Alhamisi au Ijumaa tarehe 5.

Watu wengi hapa wangemwambia mwenye nyumba "Ijumaa". Yeye alisema Jumatatu tarehe 8, na alifanya vizuri. Anayesaini akichelewa siku moja tu, hela haitafika Ijumaa, na ikishakosa Ijumaa inalala Jumamosi na Jumapili. Hesabu siku unayoitegemea, ongeza siku moja ya kazi, ruka wikiendi. Angalia pia sikukuu: wiki ya kwanza ya Julai kuna Saba Saba tarehe 7, Agosti kuna Nane Nane tarehe 8, na Desemba kuna Uhuru tarehe 9. Tarehe yako ikiangukia huko, isogeze mwenyewe kabla hujaitamka.

Hatua ya 2: Soma mkataba

Hii ni ya dakika tano. Tafuta kama kuna siku za nyongeza baada ya kodi kuisha, na kama kuna faini ya kuchelewa. Mikataba mingine inatoa siku saba au zaidi, na ukiwa nazo bado unaomba kwa adabu, ila unajua umesimama wapi. Kama kuna faini, itaje wewe mwenyewe utakapokwenda, asije akaitaja yeye kwanza.

Hatua ya 3: Nenda kabla kodi haijaisha

Siku moja au mbili kabla zinatosha. Ukienda tarehe 2, huombi tena, unajitetea. Kama mwenye nyumba anaishi karibu, nenda kwa miguu yako, jioni, baada ya Alasiri kabla watu hawajaanza kujiandaa na Magharibi. Usimtume mtoto, na usiongee uani wapangaji wenzako wakisikia. Mwenye nyumba anaweza kukukatalia kwa sababu hiyo tu, maana akikuruhusu mbele yao, kesho wanakuja watatu.

Mpangaji wetu alikwenda Jumamosi tarehe 30. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, anauza mawese. Mazungumzo yalikwenda takriban hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Karibu kiti."

"Sijambo mama, asante. Nimekuja kwa jambo la kodi. Najua inaisha kesho. Mshahara wetu mwezi huu umechelewa, nimeongea na mhasibu jana, hela ipo ila anayesaini amesafiri. Naomba nikulipe Jumatatu ya tarehe 8, kabla ya saa kumi jioni, yote 180,000."

"Mimi hela ile nimeshamwahidi fundi wa bati."

Angalia mpangaji alivyosema. Jambo lilitajwa mapema, sababu ilikuwa moja na fupi, kisha tarehe, saa na kiasi. Hakuleta habari ya mtoto kuumwa wala msiba wa kijijini. Ukirundika sababu tatu, msikilizaji anaanza kupima ipi ni ya kweli. Kuna maneno ninayoomba uyaache: "wiki ijayo", "mwisho wa wiki", "siku mbili tatu hizi", "mambo yakikaa sawa". Mwenye nyumba hawezi kumwambia fundi aje "mambo yakikaa sawa". Ukisema "Mungu akipenda" ni sawa, sote tunasema, ila tarehe itangulie na isikike.

Hatua ya 4: Uliza ile hela ilikuwa inasubiriwa na nini

Yule mama alisema mwenyewe, lakini wengi hawasemi. Waulize kwa upole: "Mama, kuna jambo lililokuwa linaisubiri hela hii?" Mara nyingi kuna ada ya shule, fundi, au mzigo wa kulipia. Na mara nyingi jambo hilo halihitaji hela yote siku hiyo.

Huyu mama alihitaji 50,000 ili fundi aanze kazi. Mpangaji alikuwa na akiba kidogo, akampa 60,000, kodi ya mwezi mmoja, na 120,000 zikabaki za tarehe 8. Mama akakubali hapo hapo. Ningemshauri mpangaji hivyo hivyo hata kama mama asingemtaja fundi, kwa sababu sehemu ya kodi mkononi inamwonyesha mwenye nyumba kwamba unahangaika.

Ila nasema hili kwa uzito: usikope kausha damu ili kupata hiyo sehemu. Marejesho yao ni ya wiki, na mengine ni ya kila siku. Yatakula mshahara ule ule uliouahidi kwa kodi, na tarehe 8 utakuwa na wadai wawili badala ya mmoja. Kama huna, sema huna, na simamia tarehe yako.

Kitu kingine kidogo chenye nguvu: kama mnachangia Luku na maji, toa mchango wako wa wiki hiyo kama kawaida. Mpangaji aliyechelewesha kodi na umeme kwa pamoja anaonekana anajiandaa kuhama usiku.

Hatua ya 5: Tuma meseji usiku huo huo

"Sawa" ya mdomo inasahaulika, na mara nyingi anayedai si yule uliyeongea naye. Kwa mama huyu, kodi hukusanywa na mwanawe wa kiume, ambaye hakuwepo Jumamosi. Bila meseji angegonga mlango tarehe 2 asubuhi, na mngeanza ugomvi usio na sababu. Kwa hiyo uliza kabla hujaaga: "Nimjulishe na nani mwingine?" Kisha andika, umtumie kila anayehusika:

"Shikamoo mama. Ni mpangaji wako wa vyumba viwili vya mbele, Gungu. Nakushukuru kwa mazungumzo ya leo tarehe 30. Nimekupa 60,000. Zilizobaki 120,000 nitakutumia Jumatatu tarehe 8, kabla ya saa kumi jioni, kwa namba yako hii, pamoja na ya kutolea. Kukiwa na mabadiliko yoyote nitakupigia Jumamosi tarehe 6. Asante mama."

Hiyo sentensi ya mwisho kabla ya shukrani wengi huiacha. Inampa mwenye nyumba siku ya kutulia: Jumamosi ikipita kimya, anajua hela inakuja. "Ya kutolea" nayo ni muhimu, kwa sababu ukituma 120,000 kavu, makato ya wakala yanakuwa yake, na amekuvumilia wiki nzima.

Akikataa kabisa, usibishane. Muulize tarehe ya mbali kabisa anayoiweza, hata iwe tarehe 4, kisha uone kama unaweza kumletea sehemu siku hiyo. Akikutishia kufunga chumba kwa kufuli, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukamweleze mwenyekiti, ukiwa na mkataba na meseji zako.

Hatua ya 6: Siku ya ahadi

Mshahara ukiingia Ijumaa, lipa Ijumaa. Usiikalishe hela hadi Jumatatu kwa sababu eti ndiyo tarehe mliyokubaliana, maana wikiendi ina mambo mengi. Ikiingia Jumatatu yenyewe, tuma kabla ya mchana, kisha piga simu uulize kama imefika. Mtandao ukisumbua, nenda kwa wakala mapema ukatoe taslimu, umpelekee mkononi.

Kama hadi Ijumaa jioni hakuna kitu, mpigie mhasibu kwanza, halafu piga ile simu ya Jumamosi uliyoahidi. Tarehe mpya iwe moja tu, na isiegemee mshahara huo tena, kwa sababu umeshakuangusha mara mbili. Iegemee hela unayoishika au uliyoihakikisha kwa mtu mwingine.

Hatua ya 7: Risiti na tarehe yake

Chukua risiti, au karatasi yenye sahihi yake kama hana kitabu. Hapa kuna kosa ninalolisuluhisha mara kwa mara: mpangaji amelipa tarehe 8, risiti imeandikwa tarehe 8, basi miezi mitatu ikifika anadhani kodi inaisha tarehe 7. Mwenye nyumba yeye anahesabu kuanzia tarehe 1, na ndivyo ilivyo, kwa sababu mlisogeza siku ya kulipa tu. Hakikisha imeandikwa: "Nimepokea 180,000, kodi ya miezi mitatu kuanzia tarehe 1." Kama ulilipa kwa awamu kama mpangaji wetu, ziandikwe zote mbili, 60,000 na 120,000, kila moja na siku yake, na muamala wa simu usiufute.