Excel haijui Januari: jinsi ya kusoti miezi na saizi zikae sawa

Kuna dada anauza sare za shule, juzi kanitumia faili lake la mauzo anauliza mbona akisoti kwa mwezi inaanza Agosti, inafuata Aprili, halafu Desemba, Januari mpaka uitafute katikati huko. Nikamwambia dada angu, hiyo Excel inafuata alfabeti tu. Miezi ya Kiingereza ina orodha yake tayari mle ndani, ila Januari na Machi kwake ni maneno tu kama kitunguu. Saizi ndo usiseme, zinakuja L, M, S, XL.

Hatua ya 1. Bonyeza seli yoyote ndani ya jedwali, nenda `Data` halafu `Sort`, hakikisha `My data has headers` ina tiki. Kwenye `Sort by` chagua kolamu ya Mwezi, kwenye `Order` chagua `Custom List...`

Hatua ya 2. Ukiwa kwenye `NEW LIST`, andika miezi kwenye kile kiboksi cha `List entries`, kila mmoja mstari wake, Januari mpaka Desemba, bonyeza `Add` kisha `OK`. Iandike vilevile ilivyo kwenye data, kama umezoea Sept basi na huku iwe Sept.

Hatua ya 3. Bonyeza `Add Level`, chagua Saizi, tengeneza orodha nyingine: S, M, L, XL, XXL. `OK`, imeisha hiyo.

Sasa, kwa yule dada ilikubali ila mistari minne ya Machi ikabaki chini kabisa baada ya Desemba. Kisichokuwepo kwenye orodha hutupwa mwisho, kwa hiyo ukiona kitu kimekaa huko jua kina kasoro. Nikabonyeza seli moja, nikaenda kule juu kwenye fomula, kumbe kasa imesimama hatua moja mbele ya i, yaani kuna spesi imeachwa pale. Hiyo unaitoa kwa `=TRIM(A2)` kwenye kolamu ya pembeni, halafu unakopi na kupesti `Values` juu ya ile ya zamani.

Tatizo jingine, orodha uliyotengeneza inakaa kwenye kompyuta yako, ukitaka kuitumia kwenye mafaili ya kompyuta nyingine inabidi uiandike upya huko, na Google Sheets haina kabisa hiki kitu. Mimi faili likiwa la watu wengi naandika miezi kwenye shiti nyingine naiita Orodha, kuanzia A2 mpaka A13, halafu kwenye data naongeza kolamu ya namba:

```
=MATCH(A2,Orodha!$A$2:$A$13,0)
```

Vuta mpaka chini. Januari inakuwa 1, Desemba 12, unasoti kwa hiyo namba, na aliyeandika "Agost" anajulikana hapohapo maana yake inatoka `#N/A`.