Profaili au peji? Tuamue kwa kesi ya daktari wa mifugo wa Tukuyu

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuwafungulia watu peji za Facebook, na mara nyingi anayekuja kutaka peji huwa haihitaji bado. Nitatumia kesi ya daktari wa mifugo anayezunguka Tukuyu, Kiwira hadi Mwakaleli akitibu ng'ombe wa maziwa. Alitaka peji yenye nembo, nami nikamwambia asubiri kidogo.

Hatua ya 1: Angalia wateja wanatokea wapi

Tulifungua inboksi yake, tukasoma meseji za karibuni moja moja. Karibu wote walikuwa wamemwona kwenye magrupu ya wafugaji. Mtu anaweka picha ya ng'ombe aliyevimba kiwele, daktari anajibu pale pale: kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, uone kama kuna mabonge. Baada ya hapo mwenye ng'ombe anamfuata inboksi kuomba namba.

Kazi ya namna hiyo inafanywa na profaili. Mfugaji anataka kuona jina la mtu na sura yake. Peji inaweza kuingia kwenye baadhi ya magrupu tu, pale admini aliporuhusu, na hata ikiingia, nembo inayotoa ushauri watu huichukulia kama tangazo. Isitoshe, peji mpya isiyo na wafuasi ikiposti, wanaoona ni wachache mno mpaka ulipie au uisambaze mwenyewe.

Hatua ya 2: Andaa profaili kwa kazi

Nenda kwenye profaili yako, gusa nukta tatu, chagua Turn on professional mode. Kuanzia hapo mtu anaweza kukufuata bila kuwa rafiki yako. Hilo ni muhimu, kwa sababu marafiki mwisho ni 5,000, na daktari wetu alikuwa na maombi yaliyokwama. Pia utaona takwimu za posti zako.

Gharama yake ni faragha. Kabla ya kuposti, tazama alama iliyo chini ya jina lako: dunia maana yake kila mtu anaona, watu wawili maana yake marafiki tu. Picha za kipaimara cha mtoto weka za marafiki. Rudi pia kwenye albamu za zamani ukague, maana mteja mpya huwa anachungulia huko kabla hajapiga simu.

Usifungue profaili ya pili yenye jina kama "Daktari Mifugo Rungwe". Facebook inataka profaili iwe ya mtu, kwa jina analotumia. Siku ikifungiwa, meseji na picha zote zinakwenda nayo.

Hatua ya 3: Jua lini peji inakuwa lazima

Baadaye daktari alifungua duka la dawa za mifugo na kuweka msaidizi. Sasa mambo yakabadilika. Akiwa zizini Mwakaleli, nani anajibu anayeulizia dawa ya kuogesha? Kumpa msaidizi neno la siri la profaili ni kumpa maisha yako yote, na masharti ya Facebook yanakataza.

Hapo ndipo tukafungua peji: Menu, kisha Pages, kisha Create. Jina likawa la duka, si la daktari, ili hata akiliuza siku moja, peji iende na duka. Msaidizi tulimwingiza kupitia Settings, Page setup, Page access, sehemu ya task access, tukamruhusu meseji na komenti peke yake. Lakini ile Facebook access yenye mamlaka kamili alipewa mke wa daktari. Peji yenye admini mmoja inaning'inia kwenye akaunti ya mtu mmoja. Akaunti ikidukuliwa, peji nayo imepotea. Wote wawili tuliwawashia uthibitisho wa hatua mbili.

Sababu nyingine ni kusponsa. Kwenye peji unapanga tangazo lionekane wapi: weka pini Tukuyu na mzunguko wa kilomita 25, vinginevyo pesa yako inakwenda kuonyesha dawa kwa watu wa Dar. Utahitaji kadi ya Visa au Mastercard, hata ile inayotengenezwa kwenye simu.

Hatua ya 4: Viunganishe, usivichanganye

Bei, saa za kufungua na namba ya WhatsApp ya duka zikae kwenye peji. Ushauri na majibu ya magrupu yabaki kwenye profaili, na sehemu ya kazi kwenye profaili ielekeze kwenye peji. Ukiweka bei za dawa kwenye profaili, wateja watakuuliza wewe badala ya msaidizi, nawe uko na glovu mkononi.

Kisha weka daftari kaunta. Kila mteja mpya aulizwe, "Umetupataje?" na jibu liandikwe. Baada ya miezi miwili, kama wengi wanasema "niliona daktari anajibu kwenye grupu," punguza pesa ya kusponsa na urudi kwenye magrupu. Peji iache wazi kwa ajili ya saa na namba ya simu.